Posa ya Siku ya Arobaini

Katika mswada mmoja wa kumbukumbu ulioandikwa Ras al Hadd, kwenye ncha ya mashariki kabisa ya Rasi ya Uarabuni, mna maneno haya: “Mke wangu wa pili nilimposa siku alipotimiza siku arobaini. Mahari ilikuwa bangili moja ya shanga. Mke mkubwa alinuna juma zima, hakunipikia. Alipofika miaka saba, huyu mdogo akanikimbia, akasema mimi mzee, sina meno, na nywele zangu zimehama kichwani zimehamia masikioni.”

Msomaji aliyelelewa Unguja, Tanga au Lamu amekwisha kucheka kabla hajafika kwenye bangili. Msomaji mwingine, asiyepungukiwa na akili wala na huruma, amekiweka kitabu chini na hataki kukishika tena. Wote wawili wamesoma sentensi zilezile, na hakuna neno hata moja ambalo mmoja alilielewa na mwingine hakulielewa.

Mswada huu ni wa kubuni, ila mambo yake hayana ugeni kwa mtu aliyekaa barazani na wazee. Na afikiriwe mwandishi wake kuwa ni mzee aliyezaliwa Unguja, aliyepelekwa Sur akiwa mtoto katika miaka ya 1950 kwenda kumwona mjomba, akarudi Unguja, kisha akahamia Omani moja kwa moja baada ya 1970, mlango ulipofunguliwa kwa waliotoka Afrika ya Mashariki. Anaandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha anayochekea. Anayemsaidia kuuhariri mswada ni mjukuu wake, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, ambaye ndiye yule “mke wa pili” wa siku arobaini. Kitabu kitatafsiriwa kwa Kiarabu, kisomwe na wajukuu wengine na na wakwe zao, na nakala ya Kiswahili itapelekwa kwa jamaa walioko Uingereza na Kanada, ambao watoto wao wanakisikia Kiswahili lakini hawakuishi nacho.

Swali linalomkabili mjukuu halihusu sarufi. Mzaha ukisomwa kama ungamo, deni ni la nani? Wapo wasemao kwamba mwandishi ameandika kwa lugha yake na desturi yake, na anayetaka kusoma ajifunze. Wapo wasemao kwamba aandikaye kwa ajili ya wageni aseme wazi, aache mafumbo nyumbani. Rai zote mbili zina kasoro moja: zinachukulia kwamba mzaha katika mswada unajulikana ulipo, na kilichobaki ni kuamua utunzwe au uondolewe. Ukweli ni kwamba mzaha hauonekani kwa aliyeuandika wala kwa aliyelelewa nao. Wao huusikia tu. Kazi ya kwanza, na ndiyo ngumu, ni kuutafuta.

Si kila kinaya kina hatari, na ni vizuri kuanza na kile kisicho nayo. Mzee anaisimulia safari yake ya utotoni kwa jahazi, kutoka Unguja kwa pepo za kusi, hadi chombo kilipoizunguka Ras al Hadd kuielekea Sur: “Safari ilikuwa ya starehe kubwa. Nahodha alikuwa mkarimu, alitupimia maji kwa kifuu cha nazi, na tende tuligawana sisi na mende kwa haki sawa.” Hapa hakuna msomaji wa Muskati, Leiden au Toronto atakayedhani kwamba nahodha alikuwa mkarimu. Sifa na ushahidi wake zimekaa katika sentensi moja, na ushahidi unaikana sifa. Mtafsiri hata akiwa mvivu atayavusha maneno haya salama, kwa kuwa kiu haina taifa. Kinaya cha namna hii kinabeba ufunguo wake mfukoni. Mhariri akikikuta akipite, asikiguse, na hasa asikitilie alama ya mshangao.

Hatari kidogo zaidi imo katika sentensi fupi inayofuata baada ya kurasa chache: “Eti mwalimu wetu alisoma Misri.” Hapa ufunguo ni neno moja tu. Msemaji wa Kiswahili akisikia “eti” anajua kwamba habari imeletwa na mtu mwingine, na kwamba msimulizi ameipokea kwa ncha za vidole. Katika tafsiri, neno hilo ndilo la kwanza kuanguka, kwa sababu linaonekana kama kokoto lisilo na uzito. Matokeo yake ni sentensi nyoofu inayosema kwamba mwalimu wa chuoni alisoma Misri, na kwa kuwa kitabu cha mzee aliyeshuhudia ni chanzo cha historia, kesho mwalimu huyo ataorodheshwa miongoni mwa wanachuoni waliotoka Kairo. Hakuna atakayekasirika wala kuumia. Kosa la namna hii halipigi kelele, na ndiyo maana hudumu. Dawa yake ni nyepesi: mhariri apitie mswada mara moja akitafuta vijineno vya aina hiyo tu, “eti”, “ati”, “kumbe”, “si haba”, pamoja na majina yaliyokuzwa au kudunishwa kwa kiambishi, kama vile kibanda kuitwa jumba au bwana mwenye cheo kuitwa kijibwana. Palipo na kijineno, na hakuna kitu kingine katika aya kinachosema jambo hilohilo, pawekewe alama ili mtafsiri ajue kwamba uzito wote umelalia hapo.

Lakini posa ya siku ya arobaini haina kijineno chochote. Haina “eti”, haina sifa iliyotiwa chumvi. Ni taarifa kavu, na ukavu ndio utamu wake.

Anayecheka anacheka kwa sababu gani? Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wa kike “mke wangu”, bibi humwita mjukuu wa kiume “mume wangu”, na bibi wa kweli hutakiwa kujifanya ana wivu. Mtoto naye ana haki yake, na pengine ni haki kubwa kuliko ya babu: anaruhusiwa kumwambia mzee mambo ambayo akimwambia baba yake atachapwa. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliuandikia uhusiano wa namna hii makala mashuhuri mwaka 1940, katika jarida la “Africa”, na mfano wa mjukuu anayejifanya kutaka kumwoa mke wa babu yake umo. Miaka minne baadaye Reginald Moreau aliandika katika jarida hilohilo kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. (Moreau kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege huko Amani, katika milima ya Usambara, labda mtu aliyezoea kutulia kimya porini ana sikio zuri la kusikiliza matusi ya kirafiki.) Kiini cha maelezo yao ni kwamba utani una sheria. Mmoja ana ruhusa ya kuchokoza na mwingine ana wajibu wa kutochukizwa, na ruhusa hiyo hutolewa palepale ambapo watu wana ukaribu unaohitaji mpaka. Babu anamwita mjukuu mke kwa sababu ndiye mtu ambaye haiwezekani kabisa awe mke wake. Kutowezekana ndiko kunakoifanya sentensi iwe mzaha.

Msomaji wa ndani basi hausomi mzaha huu katika ukurasa. Anausoma katika kitu anachokijua kabla ya kuufungua ukurasa. Siku arobaini zinamwambia kwamba mtoto na mama yake ndiyo kwanza wanatoka ndani, na ndugu wanakuja kumwona mchanga. Bangili ya shanga ni zawadi ya mtoto. Mke mkubwa aliyenuna ni bibi, anayecheza zamu yake kwa ustadi. Na mke anayemkimbia mume kwa kumwambia kwamba nywele zake zimehamia masikioni si mke, ni mtoto wa miaka saba aliyeshinda mchezo na anayekimbia akicheka kabla hajakamatwa.

Sasa msomaji wa mbali apewe sentensi zilezile. Yeye pia ana kitu anachokijua kabla ya kufungua ukurasa. Amesoma kwamba huko kuna ndoa za mitara, na amesoma kwamba huko wasichana huozwa wangali wadogo. Mambo hayo hayakuzushwa yote, na hapo ndipo ugumu ulipo. Siku arobaini kwake ni jambo la kutisha ambalo hata hivyo linafanana na mambo ya kutisha aliyokwisha kuyasoma. Bangili inamthibitishia kwamba mahari ilitolewa. Kununa kwa mke mkubwa kunamthibitishia mitara. Na kukimbia kwa mtoto wa miaka saba kunamvunja moyo kabisa, kwa sababu ndilo jambo ambalo mtoto wa kweli aliye katika hali hiyo angelifanya. Kila kitu ambacho kwa msomaji wa ndani kilikuwa ishara ya mzaha, kwa huyu kimegeuka kuwa ushahidi. Hakukosa kuziona ishara. Aliziona zote, zikampeleka upande wa pili.

Hapa pana jambo ambalo wahariri wengi hulipuuza. Huulizana kama mzaha uko wazi vya kutosha, kana kwamba uwazi ni sifa ya sentensi. Kinaya hutambuliwa kwa mgongano: maneno yanasema jambo moja, na msomaji anajua kwamba jambo hilo haliwezi kuwa. Pasipokuwa na mgongano, hakuna kengele inayolia. Jonathan Swift alipochapisha pendekezo lake la mwaka 1729, kwamba maskini wa Ailandi wawauze watoto wao wachanga wawe chakula cha matajiri, alikuwa na hakika kwamba wasomaji wake hawaamini kwamba Waailandi hula watoto. Kitabu hichohicho kingeliandikwa na mtu wa jamii ambayo wageni tayari wanaituhumu kula watu, kingelipelekwa mahakamani. Basi anayeuhariri mswada asijiulize mzaha una ukali kiasi gani. Ajiulize msomaji yule anaamini nini tayari kuhusu watu wa mwandishi. Palipo na tuhuma ya zamani, hapo mzaha unaoifanana tuhuma hiyo utasomwa kama kweli, na kadiri utakavyosimuliwa kwa ustadi ndivyo utakavyoaminiwa.

Kwa hiyo orodha ya mahali pa kutafuta haitokani na mswada peke yake. Kwa mzee wa Unguja anayeishi Omani, mahali hapo panajulikana: ndoa, utumwa, rangi na nasaba, dini, fedha. Mzaha kuhusu mende na tende unaweza kulala salama. Mzaha kuhusu mahari unapaswa kuamshwa na kuulizwa unakwenda wapi.

Mwandishi mwenyewe hawezi kusaidia sana katika upekuzi huu. Justin Kruger na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti uliofanywa Marekani, ambamo watu waliwapelekea wenzao sentensi za kweli na za kejeli, baadhi kwa barua pepe na baadhi kwa sauti. Waandikaji walitabiri kwamba wenzao wangelitambua ipi ni ipi kwa kiasi cha asilimia 78. Kwa sauti ilikuwa asilimia 73, karibu na walivyotarajia. Kwa barua pepe ilikuwa asilimia 56, kiasi ambacho mtu angelikikaribia kwa kurusha sarafu. Na hao walikuwa wanafunzi wa nchi moja na lugha moja. Sababu haina siri: aandikaye huisikia sauti yake mwenyewe anapoisoma sentensi, akadhani iko kwenye karatasi. Mzee wa Ras al Hadd anapoisoma posa yake anasikia msonyo wa marehemu mkewe kutoka jikoni. Msonyo haukuandikwa. Haujawahi kuwa na tahajia.

Mjukuu naye hafai, kwa kuwa yeye alikuwamo katika mchezo. Njia inayofaa ni kumpa kurasa hizo mtu ambaye hamjui mzee na hana sababu ya kumpenda, bila ya kumwambia kwamba mna mzaha, na akimaliza asiulizwe kama ameelewa, maana kila mtu huitikia kwamba ameelewa. Asiulizwe hata kama amecheka, kwani swali hilo limekwisha kumwambia kwamba palikuwa na kitu cha kuchekwa. Aombwe asimulie tu: nani yumo katika aya hii, wana uhusiano gani, na nini kilitokea? Mzaha uliopotea utajitokeza katika usimulizi huo kama tukio. Atasema: “Mzee alioa mke wa pili, mtoto mdogo, lakini akatoroka.” Mhariri hahitaji kubishana naye. Ameonyeshwa mahali mzaha ulipofia, na pengine ameonyeshwa hata neno lililouua.

Kinachofuata ni kuamua. Njia iliyo karibu kabisa ni kufuta, na mtu hawezi kumlaumu mjukuu akiifikiria. Wakwe watasoma. Binti yake mwenyewe atasoma siku moja. Lakini kufuta kuna gharama isiyoonekana kwa yule asiyejua kilichofutwa. Mzee aliyeondolewa utani wake anabaki kuwa mtu wa heshima aliyesafiri, akafanya kazi, akazaa. Hakuna mahali popote pengine katika kurasa mia mbili ambapo marehemu mkewe anafanya kitu kingine zaidi ya kupika na kuzaa. Katika posa hii ndipo ananuna, anadai, anacheza, anakuwa mtu. Akifutwa mzaha, anafutwa naye.

Njia ya pili ni tanbihi chini ya ukurasa, ieleze kwamba kwa desturi za Waswahili babu na mjukuu hutaniana. Tanbihi ina adabu zake, lakini hufika imechelewa. Msomaji ameshatishika, kisha anaambiwa kwamba hakupaswa kutishika, na mtu aliyeaibishwa kwa kutojua huwa hachangamki. Zaidi ya hayo, maelezo ya aina hiyo yana sauti ya utetezi. “Kwa desturi zetu” ni maneno ambayo msomaji mwenye shaka amekwisha kuyasikia yakitumiwa kufunika mambo ambayo hayakuwa mzaha hata kidogo. Wala alama za uandishi haziwezi kuokoa. Mfaransa Alcanter de Brahm alibuni alama maalumu ya kinaya mwaka 1899, ifananayo na kiulizo kilichogeuzwa, na haikushika popote. Haikustahili kushika: mzaha uliobandikwa kibao cha kusema “huu ni mzaha” umekwisha kuchekwa na aliyekibandika, msomaji hakubakishiwa kitu.

Njia ya tatu ni kumpa msomaji wa mbali kile ambacho msomaji wa karibu anacho, na kumpa kabla ya mzaha wala si baada yake. Anachohitaji ni kidogo mno. Hahitaji nadharia ya utani wala majina ya wanaanthropolojia. Anahitaji jambo moja litakalofanya maana ya juu isiwezekane, ili mgongano upatikane na kengele ilie. Jambo hilo ni kwamba “mke” ni mjukuu. Mjukuu-mhariri anamweleza babu yake, na mzee, baada ya kunung’unika kwamba watu wa siku hizi hawana meno ya kutafuna, anaandika upya:

“Mjukuu wangu wa kwanza nilimposa siku alipotolewa nje, siku ya arobaini, kama babu yangu alivyomposa dada yangu, na kwa mahari ileile, bangili ya shanga. Bibi yake alinuna juma zima. Hakunipikia, akasema aolewaye ndiye apike. Alipofika miaka saba, mke wangu akanikimbia mbele ya wageni, akasema mimi mzee, sina meno, na nywele zangu zimehama kichwani zimehamia masikioni. Nilimwomba bibi yake anirudie. Akaniambia nitoe mahari upya.”

Mambo matatu yamebadilika, na yote yanafanya kazi bila ya kuonekana. Neno “mjukuu” limetangulia, hivyo kila kinachofuata kinasomwa kwa kupitia neno hilo. Babu wa babu ameingia, na kwa kuingia kwake posa imekuwa mchezo wa ukoo badala ya tendo la mtu mmoja. Na wageni wameshuhudia kukimbia, kwa hiyo mtoto hatoroki gizani, anatoroka ukumbini. Hakuna mahali palipoelezwa kwamba huu ni utani. Jambo jingine limetokea ambalo halikutarajiwa: bibi amepewa maneno mawili ya kusema, na yote mawili ni bora kuliko ya mumewe.

Kitu kimepotea pia, na kingefichwa kama isingelisemwa. Yale maneno ya mwanzo, “Mke wangu wa pili nilimposa”, yalikuwa na ukavu usiofikiwa na toleo jipya. Msomaji wa Unguja alipewa furaha ya kugundua mwenyewe, nusu sentensi baadaye, kwamba amechezewa. Sasa anaambiwa mapema. Ametozwa kodi ndogo ili mgeni aingie. Ni kodi ya haki hapa, kwa sababu kwenye sahani ya pili ya mizani limewekwa jina la mtu: msomaji akikosea, anayedhaniwa kuwa alimwoa mtoto ni mzee wa watu, na anayedhaniwa kuwa aliolewa ni mwanamke aliye hai. Katika ile sentensi ya mwalimu wa Misri mizani ni nyingine, na mtu anaweza kushauri iachwe na “eti” yake tu, anayeijua aijue. Hakuna kanuni moja inayotosha zote mbili.

Kuna haki nyingine iliyofichika hapa. Mzaha wa posa una wenyewe wawili. Mjukuu anapouhariri hatengenezi maneno ya mtu mwingine tu, anatengeneza hisa yake. Aliuita mzaha alipokuwa na miaka saba, akajibu, akashinda. Yeye ndiye awezaye kusema kwa haki kwamba ulikuwa mzaha, na kama angelisema kwamba haukuwa, babu asingelikuwa na la kujibu. Ndiyo maana alipomaliza aya hiyo akaiendea nyingine, ile aliyokuwa ameipita mara tatu bila ya kuiwekea alama, kwa sababu nayo alikuwa ameizoea kuisikia ikisimuliwa na kuchekewa tangu utotoni.

Aya hiyo inahusu nyumba ya mjomba: “Aliyetuchotea maji tulimwita Sultani. Kila asubuhi tulimwamkia kwa kumwinamia, tukimuuliza habari za ufalme wake. Naye alicheka kuliko sisi sote.”

Kwa kipimo cha awali, hapa mzaha uko wazi kabisa. Mchota maji anayeitwa Sultani ni mgongano ambao kila msomaji duniani ataushika. Hakuna wa kukosea kudhani kwamba mtawala wa nchi alikuwa akichota maji. Msomaji wa mbali alipoombwa asimulie, alisimulia sawasawa: palikuwa na mtumishi, pengine wa asili ya watumwa, na watoto wa nyumba wakimfanyia mzaha kila asubuhi. Kisha akauliza, “Kweli alicheka?”

Msomaji wa ndani hangeliuliza swali hilo. Masikio yake yamepewa kicheko pamoja na sentensi, akakichukua. Mgeni, kwa kuwa hakujua mahali pa kucheka, alibaki na maneno yenyewe mikononi, akayaangalia. Kukosa kwake mzaha hapa si upungufu wa utamaduni. Huenda yeye ndiye wa kwanza kuisoma sentensi hiyo. Utani una sheria ya kurudishwa: mtoto wa miaka saba alirudisha, tena kwa ukali kuliko alivyochokozwa, na hakuna aliyemgusa. Huyu wa pili alirudisha nini? Katika mswada hasemi neno. Amepewa kicheko tu, na kicheko hicho amepewa na waliomcheka. Mtu asiyeweza kurudisha mzaha si mtani, na kucheka kuliko wote kunaweza kuwa sehemu ya kazi, kama kuchota maji.

Hapa mhariri hana la kuokoa. Akiongeza maelezo ili mgeni naye acheke, atakuwa amemshirikisha mtu mwingine katika kitu ambacho hakijathibitika kuwa mchezo. Akifuta, atakuwa amemwondoa mchota maji mara ya pili, na safari hii asibakie hata kama mzaha. Alichofanya mjukuu ni kumpelekea babu yake karatasi jioni, alipokuwa amekaa nje akiutazama upande wa bahari ambako usiku kasa hupanda mchangani kutaga, akamsomea aya hiyo polepole, bila ya sauti ya kuchekea.

“Babu,” akasema, “niandike jina lake hapa. Jina lake hasa.”

Mzee alifungua kinywa upesi, kama mtu aliye na jibu. Kisha akakaa kimya kitambo.

“Tulimwita Sultani,” akasema.